Mzigo wa meza ya gulio: unavyopakiwa, na kwa nini chenji na mizani huanza kufikiriwa usiku wa kuamkia siku ya gulio

Ndugu unayeanza kuuza kwenye gulio, huku huna kizimba cha kufunga kwa kufuli na kila kitu unakwenda nacho na kurudi nacho, nakuandikia kuhusu jinsi ninavyopakia mzigo wangu wa Jumamosi. Ninauza viazi mviringo, vitunguu, karoti na hoho upande wa Tegeta, Dar es Salaam. Mzigo naununua soko la Mabibo siku ya Ijumaa, na alfajiri ya Jumamosi unapanda kirikuu pamoja na meza, mizani, mifuko na turubai. Miezi ya mwanzo nilikuwa na orodha nzuri iliyopangwa kwa aina, bidhaa peke yake na vyombo peke yake, na bado nilikuwa nikifika nikakuta turubai limelaliwa na magunia mawili ya viazi huku manyunyu yakianza. Orodha haikukosa kitu. Ilikosa mpangilio wa saa.

Siku hizi naiandika kwa kufuata jinsi vitu vinavyoshuka. Kinachoshuka kwanza ndicho kinachopakiwa mwisho. Kwa hiyo magunia yanatangulia ndani kabisa, nyuma ya dereva, kisha kreti za hoho na karoti, kisha mbao za meza zikiwa zimesimama ubavuni, na mlangoni kabisa linakaa turubai, kamba zake na viroba vitupu. Ndoo yenye mizani na mkoba wa chenji havikai nyuma hata siku moja, ninavipakata mwenyewe.

Kuhusu bidhaa sitasema mengi, kwa sababu kiasi utakijua mwenyewe baada ya wiki tatu au nne. Kwa meza moja ya futi sita mimi naenda na viazi kilo 80, vitunguu kilo 40, karoti kilo 20 na hoho kilo 10. La kuzingatia ni kwamba bidhaa hizi hazipendi hali moja. Viazi vikipigwa na mwanga muda mrefu hugeuka kijani na kuwa vichungu, na kiazi cha kijani hakifai kuliwa, hivyo akiba yake hukaa chini ya meza ikiwa imefunikwa gunia. Vitunguu vinataka hewa. Ukivifunika pamoja na viazi vinatoa jasho na kuanza kuoza shingoni. Basi hata ndani ya gari gunia la vitunguu linakaa juu.

Meza yangu ni mbao mbili zinazolala juu ya kreti za soda, nne nyuma na mbili mbele, ili ubao wa nyuma uwe juu zaidi na mteja aone kila kitu akiwa bado anatembea. Naongeza vipande vitatu vya ubao mwembamba vya kusawazishia, kwa maana ardhi ya gulio si sakafu, na mizani inahitaji mahali palipotulia. Hapo ndipo nilipolipa ada yangu ya ujinga.

Ninatumia mizani ya dijitali ya kuweka mezani, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika yake. Uhakiki huo hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya kurudia nimeiandika kwenye kalenda. Ile mizani midogo ya jikoni usiilete sokoni, kwa sababu haikukusudiwa kwa biashara. Sasa sikiliza kilichonipata. Kwa Jumamosi kama nne mfululizo daftari langu lilionyesha kwamba karoti za kilo 20 nimeuza kilo 17 au 18 tu, na meza iko tupu. Nilidhani ni udongo, na zile chache zilizovunjika, na maji yaliyokauka. Jumamosi ya tano mama mmoja jirani yangu, anayeuza mbogamboga, akainama akaangalia sahani kwa ubavu, akaniambia: “Mwanangu, hizo karoti zako zimeegemea mizani.” Kweli, rundo lilikuwa limeteleza hadi likagusa ukingo wa sahani, na karoti mbili zilikuwa zimeingia chini yake. Mteja alipoletewa karoti zake zikapimwa, sehemu ya uzito ilikuwa ikibebwa na rundo badala ya mizani, hivyo iliposoma kilo moja mimi nilikuwa nimeshatoa kilo moja na zaidi.

Tangu siku hiyo mizani inakaa juu ya kreti yake pekee, mkono mmoja kutoka bidhaa yoyote, na kwenye orodha nimeongeza kitu kingine: jiwe la mizani la kilo moja. Kabla ya mteja wa kwanza naliweka katikati ya sahani, kisha kwenye kila kona. Namba ikiwa ileile mahali pote, kazi inaanza. Ikibadilika kona moja, kwanza naangalia kama miguu yote minne imekanyaga, kisha kama kuna kitu kinachogusa sahani, na ikiendelea hivyo hivyo mizani haitumiki siku hiyo. Upepo nao huifanya namba icheze, hasa sahani ikiwa pana, na dawa yake ni kuigeuzia mizani upande uliokingwa na magunia. Chaji inaingizwa Ijumaa jioni. Bakuli la kupimia liwekwe juu ya sahani na namba irudishwe sifuri mbele ya macho ya mteja. Kitendo hicho cha sekunde mbili kinaokoa maneno mengi.

Mizani inatuleta kwenye bei, na bei ndiyo inayoamua chenji utakayobeba. Wengi wanaoanza hupanga bei kwanza na kuhangaika na sarafu baadaye. Sarafu tunazotumia ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Ukiuza kilo ya karoti kwa shilingi 1,500, robo yake ni shilingi 375, na hakuna sarafu itakayokutoa hapo. Ama unamwongezea mteja karoti, ama unampunja, na yeye anajua. Ukiuza kilo kwa 1,600, robo ni 400, nusu ni 800 na robo tatu ni 1,200. Mimi naweka bei inayogawanyika kwa 400, yaani 1,200, 1,600, 2,000 au 2,400, na hivyo sarafu ya 50 nimeachana nayo kabisa. Soko likiwa limesimama kwenye 1,500, nauza 1,600 na namwekea mteja karoti moja ya nyongeza, na hajawahi kulalamika.

Chenji yangu ya kuanzia ni shilingi 42,000: noti mbili za 5,000, noti sita za 2,000, noti kumi za 1,000, sarafu kumi na mbili za 500, kumi za 200 na ishirini za 100. Unaweza kuona ni nyingi, lakini tazama saa ya kwanza inavyokwenda. Asubuhi watu hutoka nyumbani na noti ya 10,000. Wa kwanza ananunua vitu vya 2,400, anarudishiwa 7,600. Wa pili ananunua nusu kilo ya 800, anarudishiwa 9,200. Wa tatu ananunua kilo ya 1,600, anarudishiwa 8,400. Wateja watatu tu wameondoka na 25,200, noti zote za 5,000 na zote za 2,000 zimekwisha, na mkononi una noti tatu za 10,000 ambazo haziwezi kumrudishia mtu yeyote. Wa nne akija na noti kama hiyo kununua kitu cha 2,000, unamhesabia noti zako nane zote za 1,000 zilizobaki, na baada yake umebaki na sarafu. Ndiyo maana ukianza na 15,000 utajikuta unakimbia meza ya jirani kuomba chenji huku mteja amesimama, na jirani naye anakungoja wewe.

Sarafu nazipata Ijumaa jioni kituoni kwa makonda wa daladala, ambao saa hizo mifuko imewalemea na wanafurahi kupewa noti. Chenji ya kuanzia haichanganywi na mauzo: ina mkoba wake, na jioni 42,000 zinatoka kwanza kabla sijahesabu nilichopata. Anayelipa kwa lipa namba namshukuru kwa kuniachia sarafu zangu, ila nasubiri ujumbe uingie kwenye simu yangu. Ule anaonionyesha kwenye simu yake siupokei kama malipo.

Mifuko ni suala fupi lakini lenye sheria ndani yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata vile vifungashio laini vinavyoangaza havitakiwi kugeuzwa mifuko ya kubebea. Nachukua mifuko mbadala ya kitambaa hamsini midogo na ishirini mikubwa, na naangalia kama imechapwa jina la mtengenezaji, kwa maana ile mepesi isiyo na jina hukatika mshikio mteja akiwa hajafika barabarani. Mifuko ya khaki inafaa kwa hoho na vitunguu vikavu. Viazi vilivyonyeshewa huitoboa chini. Fungu la mifuko nalifunga kwa kamba kwenye mguu wa turubai, na si chini ya meza, kwa sababu mkono mmoja daima una bakuli.

Limebaki turubai, ambalo ndilo linaloshuka kwanza. Usinunue la bluu kwa meza ya mboga: mwanga unaopita hapo hugeuza karoti zikaonekana za kijivu na hoho zikaonekana zimechoka. Mimi natumia jeupe, la futi kumi kwa kumi na mbili, na kamba sita badala ya nne, kwani kona nne peke yake huacha tumbo katikati. Tumbo hilo wakati wa masika ni hatari kweli. Dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita tano tu ni lita 50, yaani kilo 50 zinazoning'inia juu ya kichwa cha mteja. Upande wa nyuma uwe chini kuliko wa mbele kwa futi moja na nusu hivi, na uangalie maji yatamwagikia wapi. Nilishawahi kuyamwaga yote kwenye mchele wa jirani, nikalipa kilo tano.

Nguzo za turubai hushikwa na uzito, kwa sababu kwenye mchanga vigingi hung'oka upepo ukivuma. Kubeba mawe ni kuchosha gari bure. Nabeba viroba vinne vitupu na koleo fupi, navijaza mchanga palepale, na jioni naumwaga. Kiroba kimoja wiki iliyopita kilichanika mshono, kwa hiyo kwenye orodha ya Ijumaa hii nimeandika vitano.