Kutoka skrinshoti ya njia za mkato hadi karatasi safi ya safu mbili: kwa makarani wapya wa hesabu

Ukianza kazi ya kuingiza hesabu kwenye Excel, haitachukua muda kabla mtu hajakurushia WhatsApp ile picha maarufu: njia za mkato za kibodi, zimejaa juu hadi chini, maandishi meupe juu ya rangi ya bluu, zimepangwa kwa alfabeti. Wengi huiprinti vilevile na kuibandika ukutani. Baada ya wiki hakuna anayeitazama, kwa sababu anayetaka kuweka tarehe ya leo hajui aanze kutafuta kwenye herufi gani. Nitaeleza ninavyoigeuza picha ya namna hiyo kuwa ukurasa mmoja wa A4 wenye safu mbili, uliopangwa kwa kazi. Mfano wangu ni karani anayeingiza risiti za EFD kila siku kwenye Excel ya Windows.

Kwanza omba picha upya. WhatsApp hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na kinachoumia kwanza ni alama ndogondogo, ambazo ndizo unazozihitaji kuliko maneno. Mwambie aliyekutumia aitume kama Document. Ukishaipata, ikate. Picha hizi huwa na safu mbili au tatu, na programu ya kusoma maandishi hupenda kusoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, ikaunganisha kitendo cha safu ya kwanza na vitufe vya safu ya pili. Kata kila safu iwe picha yake kwa Win+Shift+S, uzihifadhi kama faili za PNG.

Kusoma maandishi yenyewe si kazi kubwa. Pandisha kila kipande kwenye Google Drive, bofya kulia, chagua Open with kisha Google Docs. Hati itafunguka ikiwa na picha juu na maandishi chini yake. Faili isizidi MB 2, na herufi ziwe na urefu wa pikseli 10 au zaidi. Zikiwa ndogo kuliko hapo utapata mchanganyiko usiosomeka. Picha ikiwa na mistari chini ya ishirini, mimi huchapa kwa mkono tu.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa maana kosa la programu hizi halijitangazi. Ikisoma “mwcz1” mahali pa neno utaona mara moja. Lakini kwenye njia za mkato herufi moja iliyosomwa vibaya mara nyingi huzaa njia nyingine ya mkato iliyo halali kabisa. Angalia jozi hizi:

```
Ctrl+O         fungua faili
Ctrl+0         ficha kolamu
Ctrl+Shift+L   washa au zima kichujio
Ctrl+Shift+1   namba yenye desimali mbili
Ctrl+'         nakili fomula ya seli ya juu
Ctrl+`         onyesha fomula zote
```

Herufi O ikisomwa kama sifuri, karani mpya anayetaka kufungua faili atabonyeza na kuona kolamu ya kiasi cha fedha imetoweka. Atadhani amefuta hesabu za watu. Herufi L ikiandikwa ndogo hufanana na namba 1 katika fonti nyingi, hivyo anayetafuta kichujio hupata desimali. Na ile jozi ya mwisho hata jicho la mtu huidanganya: alama ya kwanza iko karibu na Enter, ya pili iko chini ya Esc, kushoto kwa namba 1. Kwenye karatasi yangu hiyo ya pili huwa naongeza maneno “chini ya Esc”, maana hakuna anayeitambua kwa sura.

Njia ya kukagua ni moja tu ninayoiamini: fungua kitabu kipya cha Excel, jaza namba za uongo mistari ishirini hivi, kisha bonyeza kila njia ya mkato moja baada ya nyingine na uone kama inafanya ilichoandikiwa. Kuilinganisha na picha kwa macho hakutoshi, kwa sababu picha yenyewe inaweza kuwa na kosa, au imechanganya vitufe vya Mac na vya Windows. Ukikuta neno Command au Option, huo mstari si wako. Nyingine ni sahihi kwenye karatasi lakini hazifanyi kazi kwenye mashine yako. Ctrl+Shift+0 ya kurudisha kolamu iliyofichwa ni mfano: Windows nyingi huishika kwa ajili ya kubadili lugha ya kibodi, na Excel haiioni kabisa. Kama haikukubali, iondoe. Kwenye laptopu, F2 na F4 huweza kuhitaji Fn ishikwe pamoja nazo. Kama ndivyo ilivyo kwenye mashine za ofisi yenu, andika Fn+F2.

Mistari iliyopita mtihani iingize kwenye Excel yenyewe kwa kolamu nne: namba ya kundi, jina la kundi, kitendo, vitufe. Kitendo kianze na kitenzi cha kuamuru, kifupi, kwa maneno ya ofisini: “Weka tarehe ya leo”, si “Uingizaji wa tarehe”. Zaidi ya herufi thelathini hivi kitavunjika mistari miwili kwenye safu nyembamba.

Makundi ndiyo kazi yenyewe. Usikubali yale uliyoyakuta kwenye picha, kama vile “Vitufe vya Ctrl” na “Vitufe vya F”. Huo ni mpangilio wa kibodi, na karani haanzi na kibodi, anaanza na risiti mkononi. Chukua bunda la risiti la asubuhi moja ulifanye hadi mwisho ukijiuliza kila hatua mkono unafanya nini. Kwa karani wetu nilipata makundi sita, na nimeyaacha kwa mfuatano uleule wa siku yake.

La kwanza ni kuingiza risiti: Ctrl+; kwa tarehe ya leo, Ctrl+D kujaza kutoka seli ya juu kwa mteja yuleyule, Alt+Enter kushuka mstari ndani ya seli, na Ctrl+Enter kujaza seli zote zilizochaguliwa kwa mpigo. La pili ni kutembea kwenye orodha ndefu, yaani Ctrl na mishale, Ctrl+Home, na Ctrl+PgDn kwenda shiti inayofuata. Tatu ni kuchagua: Ctrl+Space kwa kolamu, Shift+Space kwa mstari, Ctrl+Shift na mshale hadi mwisho wa data. Nne ni kurekebisha, ambako F2 inaongoza. Tano, kuchuja na kujumlisha, wanakaa Ctrl+Shift+L na Alt+=. La sita ni kufunga siku: kuhifadhi, kuhifadhi kwa jina jingine kwa F12, na kuprinti.

Utakutana na njia moja yenye kazi mbili. F4 ukiwa ndani ya fomula huweka alama za dola kwenye anwani ya seli. Ukiwa nje ya fomula hurudia kitendo cha mwisho. Iandike mara mbili, kila moja kwenye kundi lake. Watu wa mpangilio hawapendi kurudia kitu, lakini anayesoma karatasi hii anatafuta kazi, hasomi orodha. Na usiogope kutupa. Kama karani haandiki maoni kwenye seli, njia ya mkato ya maoni haina nafasi hapa. Mistari arobaini hivi inatosha ukurasa mmoja kwa herufi zinazosomeka mtu akiwa ameketi.

Sasa ndipo ufungue Word, na cha kwanza si safu bali ni ukubwa wa karatasi. Layout, Size, A4. Word nyingi hufunguka zikiwa zimewekwa Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu sentimita 1.8, na ukipanga juu yake kisha ukabadilisha mwishoni mpangilio wote husogea. Weka pambizo za sentimita 1.5 pande zote, kisha Layout, Columns, Two, nafasi ya katikati 0.8. A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo 3 na nafasi 0.8 zinabaki 17.2, kwa hiyo kila safu ni 8.6.

Panga Excel kwa namba ya kundi, nakili kolamu za kitendo na vitufe tu, bandika Word kama jedwali. Wengine hutumia tabo badala ya jedwali. Mimi nimeiacha, kwa sababu kitendo kirefu kikivunjika tabo husukuma vitufe mstari wa chini, wakati seli ya jedwali hukunja maneno ndani yake. Zima AutoFit, toa kolamu ya kwanza sentimita 5.4 na ya pili 3.2. Chagua kolamu ya pili yote uipe Consolas nzito: sifuri ya fonti hiyo ina mkwaju ndani, hivyo Ctrl+0 na Ctrl+O hazigongani tena. Juu ya kila kundi ongeza mstari, unganisha seli zake, andika jina la kundi juu ya kijivu hafifu. Rangi iachie; printa za ofisi nyingi ni nyeusi na nyeupe, na bluu ya kwenye skrini hutoka kijivu kizito kinachomeza maandishi.

Kundi lisikatike katikati kati ya safu ya kushoto na ya kulia. Chagua mistari yote ya kundi isipokuwa wa mwisho, fungua Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Keep with next. Kundi zima litahamia safu ya pili lenyewe.

Jihadhari na kitu kimoja ukirekebisha alama humu ndani: Word hugeuza ' iliyonyooka kuwa iliyopinda mara unapoichapa, na ikipinda msomaji hawezi kujua ni kitufe gani. Zima kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, AutoFormat As You Type, mstari wa Straight quotes. Au rekebisha kwenye Excel ubandike upya.

Printi nakala moja, uhakikishe imeandikwa No Scaling, kisha mpe karani mwenzako ambaye hakuhusika. Mtajie kazi tano kwa mdomo, “chuja wateja”, “weka saa”, na utazame macho yake yanaenda kundi gani kwanza. Akitafuta saa kwenye kundi la kufunga siku wakati wewe umeiweka kwenye kuingiza risiti, ihamishie huko anakotafuta. Chini kabisa andika toleo la Excel na mwezi wa kuitengeneza. Ctrl+Shift+V ya kubandika thamani tupu, kwa mfano, ipo kwenye Microsoft 365 lakini kwenye Excel 2016 haipo. Huko ni Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter.