Funga Printa Kabla Hujafunga Boksi: Majibu kwa Wanaohama na Printa za 3D

“Fundi, nahamia mtaa wa pili tu, hata kilomita moja haifiki. Kuna haja gani ya kutoa filamenti?”

Ipo, ndugu yangu. Swali hili nalijibu karibu kila mwezi, na kila mwezi kuna mtu analeta printa yenye mpira wa kupitishia filamenti uliojaa vipande.

Filamenti ikibaki ndani, roli inaning'inia juu ya fremu huku ncha yake imeshikwa na meno ya kisukuma filamenti. Gari likiruka tuta, roli inavuta. PLA iliyokaa nje wiki kadhaa imeshanyonya unyevu wa hewa, na haipindi bali inakatika. Niliwahi kwenda Morogoro na printa yangu roli ikiwa juu. Nilipofika nikakuta filamenti imekatika vipande sita ndani ya mpira mweupe, na kishikio cha roli kimepinda. Kuvitoa kulinichukua mchana mzima, kwa sababu kipande kisicho na mkia huwezi kukivuta.

Usiivute ikiwa baridi. Pasha nozo hadi joto unalochapia, sukuma filamenti mbele kidogo ili donge lililo ndani liyeyuke lote, halafu irudishe kwa haraka. Ukiirudisha polepole, ncha inavimba na kukwama njiani. Kwa PLA, ukiwa umeunganisha printa na kompyuta, tuma hivi:

```
M109 S200
M83
G1 E10 F200
G1 E-80 F1800
M104 S0
M84
```

Kama ni PETG, weka `S235` badala ya `S200`. Kwenye printa yenye mpira mrefu, kipande kilichobaki kimalizie kwa mkono. Usizime umeme papo hapo. Acha feni ya kichwa izunguke mpaka skrini isome chini ya nyuzi 50, kwani ukizima mapema joto linapanda juu na kulainisha mabaki yaliyo kwenye koo la nozo. Tena, nozo ya moto ikigusa sponji ya kufungashia, sponji inayeyukia pale pale.

Roli itie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vifuko vya silika, ufunge kabisa. Ncha ya filamenti ichomeke kwenye tundu la ukingo wa roli. Ukiiachia inajipitisha chini ya mizunguko mingine, na fundo lake utakutana nalo katikati ya kazi ya saa kumi.

“Nahamishiwa Mwanza kikazi. Nina Ender 3 na boksi lake la mwanzo nilishalitupa. Itapanda basi kutoka Mbezi. Nifungeje?”

Dada yangu, boksi lisikunyime usingizi. Boksi lolote gumu linatosha, ilimradi ndani yake printa iwe haina kitu kinachotembea. Wengi wanazungushia plastiki ya mapovu hadi printa inafanana na mtoto wa Njombe, lakini kitanda ndani kinateleza mbele na nyuma njia nzima. Printa ikiwa imezimwa, mota hazishiki chochote. Kati ya Mbezi na Nyegezi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kila breki ya dereva ni kipigo kimoja kwa kitanda.

Anza kwa kuondoa vinavyoondoka: roli na kishikio chake, kioo au bamba la chuma la juu ya kitanda, kadi ya kumbukumbu, na waya wa umeme. Hilo bamba la chuma watu wanaliacha wakiamini sumaku itashika. Sumaku inashika kwenda juu, kwenda pembeni haishiki vizuri. Likiteleza, ukingo wake unakuwa kisu karibu na nyaya na mkanda. Lifunge peke yake kwenye gazeti, lisimame ubavuni mwa boksi.

Kisha kaza zile nati nne za chini ya kitanda hadi springi zibanane. Usawa wa kitanda utapotea, na ni sawa, kwa sababu Mwanza utausawazisha upya kwa vyovyote vile.

Sasa kazi yenyewe. Chukua ile sponji nyeupe ngumu inayokuja kwenye maboksi ya televisheni. Kwa maduka ya vifaa vya umeme inatupwa kila siku, omba tu. Kata vipande viwili vya kimo sawa, kama sentimita 10 kila kimoja. Sukuma kitanda taratibu hadi katikati ya safari yake, na kichwa nacho kikae katikati. Ukisukuma kwa kasi, mota inageuka kuwa jenereta na umeme wake unaingia kwenye bodi. Ndiyo maana skrini huwaka yenyewe ukisukuma haraka. Mchezo huo uache, unaweza kuua bodi.

Weka vipande vya sponji juu ya kitanda, kimoja kulia na kingine kushoto kwa kichwa, vikigusana nacho pande zote mbili. Halafu zungusha kwa vidole ile skrubu ndefu iliyosimama, ganti, yaani ule mhimili wa mlalo unaobeba kichwa, ishuke mpaka ilale juu ya sponji zote mbili. Acha pale ulipohisi uzito umepokelewa, usiendelee kukandamiza. Nozo iwe inaning'inia hewani kati ya vipande, bila kugusa kitanda. Kwa kufanya hivyo ganti haina pa kushukia, kichwa hakina pa kutelezea, na kitanda kimebanwa na uzito wa juu yake.

Kinachobaki ni vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, vile virefu. Kitanda kifunge kwa vibano viwili, kulia na kushoto, kila kimoja kizunguke sahani ya chuma iliyo chini ya kitanda pamoja na mhimili wa fremu unaopita chini yake. Ganti nayo ifunge kwenye nguzo, kila upande kibano kimoja. Angalia sana usipitishe kibano juu ya mkanda wala juu ya nyaya. Mkanda uliominywa siku mbili unabaki na kunjo, na kunjo hilo utaliona kama mstari unaojirudia kwenye kila utakachochapa. Nunua vibano vyekundu au vya njano, vyeusi vinapotea machoni siku ya kufungua. Tena vihesabu, uandike idadi yake kwa kalamu nene juu ya fremu, kwenye kipande cha solotepu.

Boksi lizidi printa kwa sentimita tano kila upande, na nafasi hiyo ijazwe hadi juu. Vipande vya godoro vinafaa kujazia, ila si vya kubebea ganti, ni laini mno. Kama huna boksi la kimo hicho, usiilaze printa ili itoshe, tafuta boksi jingine. Unapoinua, shika fremu ya chini kwa mikono miwili. Ukishika mhimili wa juu unavuta nguzo zilizosawazishwa kwa skrubu chache tu.

Ukiweza, usiipeleke kwenye buti. Lipia kiti cha pili. Nauli ya kiti ni ndogo kuliko bei ya printa, na kwenye buti hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba gunia la mchele halitakaa juu yake.

“Bodaboda je? Nitaishika mapajani.”

Hapana. Chukua bajaji, printa ikae sakafuni, isimame kama inavyosimama mezani.

“Nina Bambu P1S. Ilipokuja ilikuwa na skrubu tatu kwenye kitanda, nikaambiwa nizitoe. Sijui ziko wapi. Zina kazi gani tena?”

Zina kazi hii hii unayotaka kuifanya leo. Zilikuwa zimekifunga kitanda kwenye fremu kwa ajili ya safari, na zingerudi kwenye matundu yale yale kila unapohama. Tafuta kwa fundi skrubu za ukubwa ule ule, upeleke kitanda kwenye kimo ambacho matundu yanakutana, uzikaze kwa mkono mwepesi. Ukikosa kabisa, jaza sponji ngumu chini ya kitanda na juu yake, na kichwa nacho kizuiwe kwenye kona moja. Kama una kile kisanduku cha roli nne, kitoe juu ya printa, na roli zote zitoke ndani yake.

“Nimefika, nimeunganisha, nikabonyeza auto home. Inanguruma grrr halafu kichwa hakiendi. Bodi imekufa?”

Zima sasa hivi. Umesahau kibano. Tafuta idadi uliyoandika. Kama hukuandika, pitisha vidole chini ya kitanda na kwenye nguzo zote mbili. Mara nyingi mkanda umeruka meno tu na mota ni nzima, ila ukirudia kubonyeza mara tano ukidhani itajitoa, utaumaliza mkanda.

“Tangu nihame, maboksi marefu ninayochapa yanaegemea upande mmoja. Nimesawazisha kitanda mara kumi.”

Kitanda hakina kosa, mwalimu, na hizo mara kumi umekuwa ukificha ugonjwa. Printa yako ina skrubu ndefu moja tu, upande wa mota. Upande wa pili wa ganti unabebwa na magurudumu peke yake, na ndio unaozama njiani. Ukisawazisha kitanda kufuata ganti iliyoinama, tabaka la kwanza linashika vizuri, lakini kichwa kinapanda kwenye nguzo zilizonyooka huku mhimili umelala mshazari. Boksi linatoka limeegemea.

Chukua makopo mawili ya soda yaliyo sawa, ambayo hayajafunguliwa. Yasimamishe juu ya fremu ya chini, moja kila upande chini ya mhimili wa ganti, usiyaweke juu ya kitanda chenye springi. Shusha ganti kwa kuzungusha skrubu kwa mkono. Ikigusa kopo la kulia wakati la kushoto bado linapitisha karatasi, au kinyume chake, umeuona ugonjwa wenyewe. Legeza skrubu zinazoshika mhimili upande usio na mota, ukandamize hadi ukae juu ya makopo yote mawili, kaza. Kisha shika gurudumu la ndani kwa vidole: linatakiwa lizunguke kwa ugumu kidogo bila kuteleza. Likiteleza, zungusha nati yake kidogo kidogo. Baada ya hapo ndipo usawazishe kitanda, mara moja.

“Printa ya resini nayo naifunga hivyo hivyo?”

Hiyo mwaga resini yote irudi kwenye chupa kupitia chujio, safisha bakuli, toa sahani ya juu. Tone moja likifika kwenye skrini unaweza kupoteza skrini.

“Shemeji ananitumia printa yake iliyotumika kutoka Marekani. Kuna la kuangalia zaidi ya vibano?”

Lipo, na ni la kwanza kabla ya yote. Pawa saplai nyingi zina swichi ndogo nyekundu ubavuni, ndani ya kitundu, yenye `115` na `230`. Ya Marekani kwa kawaida huwa kwenye `115`. Ukiichomeka hapa hivyo ilivyo, inaweza kulipuka sekunde hiyo. Isogeze kwa bisibisi hadi `230` waya ukiwa nje. Wakati huo huo fungua kifuniko, ukaze skrubu zinazoshika nyaya za umeme, maana mtikisiko wa safari unazilegeza, na waya uliolegea hapo unapata moto hadi plastiki inakuwa nyeusi. Halafu washa bila kuamuru chochote, usome joto la nozo na la kitanda. Yote mawili yakaribiane na joto la chumba. Skrini ikiandika `MINTEMP`, waya wa kihisi cha joto umechomoka njiani. Usipashe kitu mpaka uurudishe.