Kisoma skrini kikikaa kimya baada ya kubonyeza Wasilisha

"Wakuu, tuna mfumo mdogo wa kugawa kazi mtandaoni: mtu anasikiliza sauti, anaandika alichosikia, anawasilisha. Watu wawili wasioona wamejiunga, wanatumia kisoma skrini cha NVDA kwenye kompyuta, wote wamekwama. Tuanzie wapi kurekebisha?"

Mkuu, anzia pale mtu anapobonyeza Wasilisha. Wengi watakwambia uanze na lebo, nami nitazifikia, lakini kwetu aliyeumia aliumizwa na ukimya.

Tulikuwa na kazi kama hiyo hiyo hapa Mtwara. Wakulima wa korosho walirekodi maswali yao kwa sauti, mengi kuhusu ubwiri unga na upuliziaji wa salfa, na watu wakayageuza kuwa maandishi kwa malipo ya kila swali. Dada mmoja wa Lindi asiyeona alikuwa mwandishi mzuri kuliko wengi wetu. Siku ya pili mfumo ukamfungia akaunti kwa sababu ya "majibu matupu mengi". Nilipanda gari hadi Lindi, nikakaa pembeni yake, nikamwomba afanye kazi kama kawaida.

Aliandika kazi ya 4, akabonyeza Wasilisha. Mimi niliona kijisanduku cha kijani kikichomoza kona ya juu na kutoweka baada ya sekunde 3. Yeye hakusikia chochote. Akangoja, akabonyeza tena. Kumbe kazi ya 5 ilikuwa imeshafunguka palepale na kitufe ni kilekile, kwa hiyo akawa ametuma kazi ya 5 ikiwa tupu. Mbonyezo wa tatu ukaondoka na kazi ya 6. Aliniambia, "Kaka, mimi nabonyeza mpaka nipate jibu." Na jibu halikuwepo.

Kisoma skrini husoma mahali ilipo fokasi, yaani pale kibodi iliposhika. Kitu kinachochomoza kwingine hakisomwi mpaka ukitangaze. Mwongozo wa WCAG wa kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya tovuti, toleo 2.1 la mwaka 2018, unalidai hili katika kipengele 4.1.3. Njia yenyewe ni fupi:

```html
<p id="taarifa" role="status"></p>
```

Aya hii iwepo tangu ukurasa unapofunguka, ikiwa tupu, kisha msimbo wako uijaze maneno. Sisi mwanzoni tuliiunda papo hapo ikiwa na maneno tayari ndani, na mara nyingi NVDA ilikaa kimya, kwa sababu inachotangaza ni badiliko ndani ya kitu inachokijua. Vilevile usiifiche kwa `display: none`, maana hapo kwa kisoma skrini haipo kabisa. Na maneno yabadilike kila mara. Ukiandika "Imepokelewa" juu ya "Imepokelewa", ya pili inaweza isisikike. Weka namba ya kazi.

Kuna mtego mwingine uliotuchukua siku nzima. Baada ya kuwasilisha tulikuwa tunajaza taarifa na papo hapo tunahamisha fokasi kwenda kazi mpya. Fokasi ikihama, NVDA hukatiza inachosema na kuanza kusoma mahali papya. Taarifa ikamezwa. Ikabidi tuchague: kama fokasi inahama, ujumbe uende nayo.

```html
<h2 id="kichwa" tabindex="-1">Kazi ya 4 kati ya 20</h2>
```

```js
const kichwa = document.getElementById("kichwa");
kichwa.textContent = "Kazi ya 4 imepokelewa. Kazi ya 5 kati ya 20";
kichwa.focus();
```

Sasa akibonyeza Wasilisha anasikia sentensi moja inayomwambia kilichotokea na alipo. Faida ya pili ni kwamba fokasi imeondoka kwenye kitufe, kwa hiyo mbonyezo wa bahati mbaya hautumi kitu. Ile aya ya `role="status"` tuliibakiza kwa hali ambazo fokasi haihami: "Inatuma kazi ya 4", na "Mtandao umekatika, kazi ya 4 haijatumwa, maandishi yako yapo." Hiyo ya mwisho iandike kwa ukamilifu. Mtandao wetu huku kusini hukatika, na asiyeona hawezi kutupia jicho kisanduku ahakikishe maneno yake hayajafutika.

Wakati wa kutuma usikizime kitufe kwa `disabled`. Kitufe kilichoshika fokasi kikizimwa, fokasi inaweza kupotea na mtu asijue yuko wapi. Weka `aria-disabled="true"` na msimbo wako upuuze mibonyezo ya ziada. Kwenye seva nako kataa jibu tupu, na kataa jibu la pili la kazi ileile.

Mpangilio wa kibodi. Kwetu Wasilisha ilionekana kwanza, Ruka ikafuata, lakini kwenye HTML Ruka ndiyo ilitangulia na fundi wetu aligeuza mwonekano kwa `flex-direction: row-reverse`. Kitufe cha Tab hufuata HTML, hakifuati macho. Yule dada alikuwa akitoka kwenye kisanduku cha kuandikia anakutana na Ruka kwanza. Panga HTML yenyewe kwa mfuatano wa kazi: kichwa, kicheza sauti, kisanduku, Wasilisha, Ruka. Usijaribu kurekebisha kwa `tabindex` za 1, 2, 3. Ukiongeza kitufe kimoja baadaye mpangilio wote unavurugika.

Kwa kazi ya kusikiliza kuna jambo ambalo sijaona likitajwa mara nyingi: sikio ni moja. Sauti ya mkulima na sauti ya NVDA zinapita humo humo. Kwa hiyo mtu aweze kusimamisha na kuendeleza sauti bila kutoka kwenye kisanduku. Tuliweka F8 kwa kazi hiyo, na Shift+F8 kurudi nyuma sekunde 5. Herufi moja pekee usiitumie, maana NVDA ina njia zake za mkato kwa herufi, kama H ya kuruka vichwa na B ya kuruka vitufe. Saa ya kuhesabu sekunde zilizobaki nayo isiwe ndani ya eneo linalotangazwa. Yetu ilisema namba juu ya sauti ya mkulima kila sekunde. Tukaibadilisha itangaze mara moja, dakika 2 zikibaki.

Lebo ndizo rahisi zaidi. Maandishi hafifu ya ndani ya kisanduku si lebo, tumia `<label for="nakala">`. Kitufe chenye picha tu kipe jina, kwa mfano `aria-label="Cheza sauti"`, la sivyo mtu anasikia "kitufe" na basi. Angalia pia mwanzo wa ukurasa: wetu uliandikwa `lang="en"`, na Kiswahili chote kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Andika `lang="sw"`, sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili.

Kupima, pakua NVDA, ni ya bure. Ficha kipanya, zima mwanga wa skrini, fanya kazi 5 mfululizo, mojawapo uitume mtandao ukiwa umezimwa. Insert+F7 itakuonyesha orodha ya vitufe na visanduku kwa majina ambayo NVDA inayasoma. Ukikuta kisicho na jina umepata pa kuanzia. Kisha wapigie wale wawili, ukae nao huku wakifanya kazi, na uwalipe muda huo. Mimi nilipima peke yangu wiki nzima na sikuwahi kubonyeza Wasilisha mara tatu, kwa sababu nilijua tayari kwamba imepokea.