F8, shata 125, ISO 100: kwa nini picha za ukumbini zinatoka nyeusi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua kamera yangu ya kwanza, ya mtumba, Canon EOS 600D pamoja na lenzi ya 18-55. Aliyeniuzia alinielekeza niweke M, F8, shata 125 na ISO 100, akasema hiyo ndiyo setingi ya kitaalamu. Siku ya mawingu picha zinatoka vizuri, juani zinakuwa nyeupe mno, na kwenye harusi ya dada yangu, jioni ukumbini, zote zilitoka nyeusi. Nikipunguza shata, watu wanaonekana lakini wana ukungu. Fundi mwingine anasema sensa imechoka, nibadilishe. Ni kweli? Na apecha, shata na ekspoja nizielewe vipi? (Msomaji, Tabora)

Jibu: Marahaba. Katika yote uliyoyaeleza hakuna dalili hata moja ya sensa mbovu. Kamera yako imefanya sawasawa na ulivyoiagiza, na kilichokuangusha ni hiyo inayoitwa setingi ya kitaalamu, ambayo nakutana nayo kila mara ikisambazwa kwenye makundi ya simu na hata kuuzwa kwa vijana wanaoanza. Setingi ya namna hiyo haipo. Kutumia namba za mtu mwingine bila kujua alikuwa mbele ya mwanga gani ni sawa na kumeza dawa aliyoandikiwa jirani.

Apecha ni tundu lililomo ndani ya lenzi, linalofunguka na kufunga kwa visahani vyembamba. Namba ya F ni mgawo: ukiwa umevuta zumu hadi milimita 40 na kuweka F8, tundu lina upana wa milimita 5, yaani 40 kugawanya kwa 8. Ndiyo maana namba ikikua tundu linapungua. Shata ni pazia lililo mbele ya sensa, na 125 unayoiona ukichungulia kwenye kamera ni sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukiona alama `"` baada ya namba, hizo ni sekunde nzima. ISO haiongezi mwanga unaoingia, bali hukuza kile ambacho sensa imekwisha kukipokea, na hukuza pamoja nacho chengachenga, yale madoa madogo yanayochafua picha.

Ekspoja ndiyo ambayo watu huielewa visivyo. Wengi hudhani ni kitufe cha tatu baada ya apecha na shata, ilhali ni matokeo, yaani kiasi cha mwanga kilichoifikia sensa, na kiasi hicho hutegemea mambo matatu: mwanga uliopo mahali penyewe, ukubwa wa tundu, na muda ambao pazia limekuwa wazi. Jambo la kwanza halimo ndani ya kamera, na ndilo ambalo aliyekuuzia hakukueleza. Alikupa namba mbili za kamera na moja ya ukuzaji, akaliacha jua nje ya hesabu.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni kuongeza mara mbili au kupunguza kwa nusu. Shata kutoka 125 kwenda 60 ni hatua moja zaidi ya mwanga. ISO kutoka 100 kwenda 200 pia ni hatua moja. Kwa apecha, mfuatano wa hatua nzima ni 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila unapopanda namba moja mwanga unapungua nusu. Sasa ipime setingi yako kwa hesabu hiyo. Jua kali la mchana lisilo na wingu, kwa ISO 100 na shata 125, huhitaji takribani F16. Wewe uliweka F8, hatua mbili zaidi, kwa hiyo sensa ilipokea mwanga mara nne ya unaotakiwa, na picha ikawa nyeupe. Mawingu yakifunika jua, F8 huwa karibu sana na inayotakiwa, na ndiyo maana siku hiyo uliona mambo yamekwenda vizuri. Setingi ya kitaalamu uliyopewa ni setingi ya siku ya mawingu, basi.

Twende ukumbini. Ukumbi wa harusi wenye taa za kawaida, ukiacha taa za jukwaani, mara nyingi huhitaji sekunde moja nzima kwa F8 na ISO 100. Wewe uliipa kamera sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukihesabu kutoka sekunde 1 kwenda nusu, robo, 1/8, 1/15, 1/30, 1/60 hadi 1/125, ni hatua saba za upungufu. Anayekuambia kwamba hatua saba zitarudishwa kwa programu ya kusafisha picha anakudanganya, kwa sababu hakuna cha kurudisha: sura ya bibi harusi haikurekodiwa ipasavyo, na ukilazimisha utapata chengachenga za rangi mahali pa ngozi yake.

Hatua hizo saba unazitafuta hivi. Usivute zumu, sogea kwa miguu, kwa sababu lenzi yako hufunguka hadi F3.5 kwenye milimita 18, lakini ukivuta hadi 55 haifunguki zaidi ya F5.6. Weka F4 ukiwa upande wa milimita 18, umepata hatua mbili. Shusha shata hadi 60, umepata moja. Nne zilizobaki zipate kwenye ISO: 200, 400, 800, 1600. Kwa F4, shata 60 na ISO 1600 picha itatoka. Chengachenga zitakuwepo, lakini ni afadhali hizo kuliko picha iliyotikisika, kwa kuwa chengachenga zinavumilika kwenye karatasi, na mtikisiko hauna dawa.

Hapo ndipo ulipokwama mara ya pili. Ulipopunguza shata ulipata mwanga, lakini pazia lilikaa wazi muda mrefu kiasi cha kurekodi mwendo. Kabla ya kuilaumu kamera, fungua picha hiyo na uikuze kwa kitufe cha kioo cha kukuzia. Ikiwa kila kitu, pamoja na mapazia na viti, kimeburuzwa kuelekea upande mmoja, ni mkono wako uliotikisika. Ikiwa mapazia yametulia lakini mikono ya wachezaji imefutika, ni wao waliotembea. Na ikiwa kuna kitu kingine chenye makali, labda chupa iliyo mezani mbele yao, basi fokasi ilishika mahali pasipo. Kasoro hizo tatu watu huziita ukungu, na kila moja ina tiba yake. Kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko, husaidia mkono wako tu, anayecheza hakimzuii. Kwa mtu anayesimama kupigwa picha, 60 inatosha. Anayecheza anahitaji 250, yaani hatua mbili zaidi, na kwa lenzi hiyo hatua hizo zitatoka kwenye ISO pekee, ambayo kwenye 600D hufika 6400, mahali ambapo picha huanza kuwa chafu kweli. Ukifika hapo, fedha ambayo fundi anataka uitupe kwenye sensa inunue lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi F1.8. Inakupa zaidi ya hatua mbili kuliko F4, ingawa kwa F1.8 fokasi ni nyembamba, na jicho la karibu linaweza kuwa na makali huku la mbali likiwa na ukungu.

Utajuaje mwanga wa mahali bila kukisia? Chungulia kwenye kamera na ubonyeze kitufe cha kupigia nusu. Chini utaona kipimo chenye sifuri katikati. Kialama kikiwa kushoto, mwanga umepungua. Kikiwa kulia, umezidi. Hata hivyo usikitii kama hirizi. Kipimo hicho hudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu. Shela jeupe likijaza picha, kamera hulifanya kijivu na sura ya bibi harusi huzama gizani, kwa hiyo peleka kialama hatua moja kulia mwa sifuri. Mama aliyevaa buibui mbele ya pazia jeusi ni kinyume chake, upeleke kushoto. Kisha itazame picha, bonyeza `INFO` hadi taarifa zionekane, na ukiona sehemu za shela zikimetameta kwa weusi, hapo kitambaa kimepoteza nyuzi zake, nawe urudishe kialama kushoto kidogo.

Sasa niwageukie mafundi. Wapo mafundi waaminifu, lakini neno sensa imechoka limekuwa njia nyepesi ya kumtoa fedha mtu ambaye hajui kuhesabu hatua. Yeyote mwenye kamera ya mtumba asikubali tengenezo lolote kabla ya kufanya jaribio lifuatalo, tena alifanye kwa mwanga wa mchana, maana baadhi ya taa za tyubu na za LED huweza kutia mistari kwenye picha na kukudanganya.

Simama mbele ya ukuta wa rangi moja ulio kivulini. Weka M, ISO 200 isiyo ya `AUTO`, zima flashi, na kwenye menyu uzime `Auto Lighting Optimizer`, kwa kuwa hiyo hung'arisha picha kimyakimya na kuficha kasoro. Piga picha tatu bila kusogea: F5.6 na shata 250, F8 na 125, F11 na 60. Tundu linapungua nusu na muda unaongezeka mara mbili, kwa hiyo ekspoja ni ileile na zote tatu zinapaswa kuwa na mng'ao mmoja. Zikilingana, apecha na shata vinafanya kazi kwa spidi hizo. Ile ya F11 ikiwa nyeupe kuliko ya F5.6, visahani vya apecha vinanata, mara nyingi kwa mafuta. Hilo ni tatizo la lenzi, si la sensa, na unaweza kuliona kwa macho: weka F16, elekeza lenzi usoni pako na ubonyeze kitufe kidogo kilicho kando ya lenzi, chini ya kile cha kuitolea, visahani vinapaswa kufunga mara moja.

Piga na ya nne kwa F5.6, shata 4000 na ISO 3200. Ikiwa upande mmoja wa picha una mkanda wa giza, pazia la shata halitembei sawasawa, na hapo ndipo fundi ana hoja. Muulize bei ya shata, uilinganishe na bei ya kamera nyingine ya mtumba isiyo na lenzi kabla hujamwachia kamera.