Ujumbe wa simu kwa mzee wa kijiji

Swali la wiki: "Mzee jirani yetu kijijini ndiye anayeujua mpaka wa shamba la marehemu babu. Nimemwandikia hivi, dada akanizuia nisitume: 'Mambo mzee. Nataka uje Jumamosi saa 4 utuonyeshe mpaka, wapimaji watakuwepo. Usichelewe. Nijibu fasta.' Niurekebishe vipi?"

Dada yako amefanya vizuri kukuzuia. Anza na "Mambo". Hiyo ni salamu ya marika, na mzee akiisoma ataona umemweka kijiweni pamoja na rafiki zako. Mwandikie "Shikamoo", neno zima, si "shkm". Shikamoo haina asubuhi wala jioni, kwa hiyo usihangaike na saa. Kama ni Mwislamu, tanguliza "Assalaamu alaykum", kisha shikamoo ifuate.

Halafu mwite kwa nafasi yake kwako. "Mzee" pekee si kosa, ila siku hizi vijana nao wanaitana hivyo, kwa hiyo limepungua uzito. Kama ni rika la babu yako, mwite babu. Angekuwa rika la baba yako, ungemwita baba. Kama lazima utaje jina lake, litanguliwe na "Mzee", lisisimame peke yake kamwe. Na ujitambulishe kwa ukoo, kwa sababu hajaihifadhi namba yako na jina lako la mjini huenda halimwambii kitu. Jina la baba yako na la babu yako ndiyo yatakayomfanya akujue.

Sehemu ngumu iko kwenye vitenzi. "Nataka uje", "usichelewe" na "nijibu" vyote vinamwamuru, na wengi hudhani wakipachika "tafadhali" mambo yamekwisha. "Tafadhali njoo saa 4" bado ni amri, imevalishwa kanzu tu. Geuza kitenzi chenyewe: "nataka" iwe "naomba", na "uje" iwe "utufikie". Kisha mwachie mlango wa kukataa bila aibu, kwa kutaja afya na nafasi yake. Ile "usichelewe" ifute kabisa, mzigo wa muda uhamie kwako: wewe ndiye utakayemfuata nyumbani. Hata neno "wewe" liepuke ndani ya ujumbe, maana likisimama peke yake husikika kama karipio. Kiambishi "u-" kinatosha.

Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo babu. Ni mimi (jina lako), mtoto wa (jina la baba), mjukuu wa marehemu Mzee (jina la babu). Habari za nyumbani? Natumaini bibi na wote hapo hawajambo. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Babu, nina ombi. Jumamosi hii wapimaji watafika kwenye shamba la marehemu, na sisi vijana hatuujui mpaka vizuri kama unavyoujua. Kama afya na nafasi vitaruhusu, tunaomba utufikie utuonyeshe. Wapimaji wamesema saa 4 asubuhi. Nitakuja mwenyewe kukuchukua saa 3. Kama siku hiyo haikufai, tutawaomba wasogeze. Nitakupigia jioni nisikie neno lako. Mjukuu wako."

Ona kwamba saa na siku vimetajwa waziwazi. Wengine wakitaka kuonyesha adabu huzungusha maneno, "ningeliomba kama ingewezekana", mpaka mzee hajui anaombwa nini na lini. Hilo nalo ni kumsumbua.

Kuna mtego mmoja unaouma zaidi ya "Mambo" yako. Ukitaka kumsifu unaweza kuandika "ni wewe tu uliyebaki" au "utuonyeshe mapema, umri umekwenda". Mzee atasikia kwamba mnasubiri afe. Msifu kwa anachokijua, kama nilivyofanya hapo juu, na umri wake usiuguse.

Usitume shikamoo peke yake ukangoja marahaba ndipo useme shida. Ana kwa ana hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini kwenye simu mzee anaweza kubaki na wasiwasi kama kuna msiba. Weka yote katika ujumbe mmoja, salamu ikiwa na aya yake.

Jibu lake litakuambia kama umepatia. Akiandika "Marahaba mjukuu wangu, nitafika", mambo ni mazuri. Lakini akikujibu kwa "Hujambo?" tu, bila kugusa ombi lako, anakurudisha kwenye salamu aliyoona umeiruka. Msalimie upya kwa utulivu, mwombe radhi, wala usilirudie ombi kwa maandishi. Akisema "tutaona", usimbane kwa ujumbe mwingine. Mpigie, na akisitasita kwenye simu pia, mwombe baba yako au mjomba aende kuzungumza naye, kwa sababu jambo la mpaka huenda lina historia ambayo mzee hataki kumwambia kijana.