Usiandike nukuu wala dakika kabla edita hajakupa faili la mwisho

Swali la mdau: "Wakuu, nimeanza podikasti ya mahojiano YouTube. Kipindi cha kwanza nimerekodi juzi, kama saa moja na nusu. Wakati mgeni anaongea nilikuwa naandika pembeni dakika, mada na nukuu kali. Edita anaanza kukata kesho. Naomba mnielekeze nipange vipi maelezo ya video, kichwa kiweje, tagi ngapi na hashtagi zipi, ili akimaliza tu nipandishe siku hiyo hiyo."

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo karatasi uliyoandika pembeni usiibandike kwenye maelezo. Dakika zako ni za rekodi ghafi, na edita bado hajashika mkasi. Akimaliza, hakuna hata dakika moja kati ya hizo itakayokuwa sahihi, na nukuu zako nusu yake ni ulivyosikia wewe, si alivyosema mgeni.

Nakwambia hivi kwa uchungu, maana nilifanya hivyo hivyo. Kuna bwana mmoja alikuwa anauza darasa la "kukuza chaneli". Nikamlipa. Akatufundisha kuandika nukuu na muda tukiwa tumekaa kwenye kiti cha mahojiano ili "kuokoa siku mbili", na akasema nukuu ndefu haivuti, ikate mpaka iume. Yeye mwenyewe hajawahi kukaa mbele ya mgeni kwa saa nzima. Ada yake alichukua, na simu yangu baada ya balaa hakupokea.

Mgeni wangu alikuwa mkulima wa parachichi za Hass kutoka Njombe, ambaye pia anauza miche ya kubebeshwa. Kwenye rekodi ghafi, dakika ya 27:03, alisema: "Ukipanda parachichi na huna maji ya kiangazi, miaka miwili ya kwanza unazika hela." Ni kauli ya mtu anayejua kazi. Mche mchanga mizizi yake iko juu juu, na Njombe mvua ikikata inakata kwa miezi. Mimi pembeni nikaandika: "27:03, ukipanda parachichi unazika hela." Ikaenda hivyo kwenye kichwa, ikaenda hivyo kwenye maelezo.

Sasa angalia edita alifanya nini, kwa sababu wako atafanya hayo hayo. Mwanzoni aliondoa 3:40 za sisi kusalimiana na kupima maiki. Mbele akaweka kionjo cha sekunde 45 na utangulizi wa muziki wa sekunde 12, yaani sekunde 57. Kwa hiyo kila kitu kilisogea nyuma kwa 2:43. Halafu kwenye rekodi ghafi, kuanzia 31:00 mpaka 33:20, jenereta ya jirani iliwaka, akazikata hizo 2:20. Kuanzia hapo tofauti ikawa 5:03. Ndiyo maana ukimwambia edita "nipe tofauti nitoe kwenye dakika zangu" hujaponya kitu, kwa kuwa hakuna tofauti moja. Kila mkato unazaa yake. Mada iliyokuwa 12:30 ilihamia 9:47, na ile ya 48:15 ikahamia 43:12. Na hiyo ni mikato miwili tu na nyongeza ya mbele. Edita mzuri wa mahojiano anakata kikohozi, ukimya na "yaani yaani" mara nyingi sana ndani ya saa moja.

Nukuu yenyewe sasa ilikuwa 24:20, lakini maelezo yangu yalisema 27:03. Mtu aliyeshangaa kichwa alibonyeza ile dakika ili ahakikishe kwa masikio yake. Akaangukia mahali ambapo mgeni anasimulia jirani yake aliyeng'oa miti yote na kurudia mahindi. Sababu, kwamba jirani alitegemea mvua tu, ilikuwa imeshapita nyuma ya pale alipoangukia. Kwa hiyo kichwa kinasema parachichi ni kuzika hela, dakika inamwonyesha mtu aliyeng'oa miti, na msikilizaji anaondoka na uhakika kamili wa jambo ambalo mgeni hakulisema. Nukuu iliyokatwa peke yake watu wangeibishia. Dakika mbovu peke yake wangelalamika kwenye komenti. Zikikutana, moja inakuwa ushahidi wa nyingine.

Wateja waliokuwa wameweka oda ya miche wakaanza kumpigia mgeni wangu kudai hela zao. Picha ya skrini yenye kile kichwa ikazunguka kwenye magrupu ya wakulima. Nilirekebisha kichwa usiku ule ule, ila picha iliyoshapigwa hairekebishiki. Akaniomba nishushe video, na alikuwa na haki. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili chini ya linki ile ile: ukipandisha upya unapata linki mpya, na komenti na watazamaji wa mwanzo wote wanabaki kaburini. Nikashusha. Kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi kikafa, na mzee yule hadi leo hanijibu.

Kwa hiyo kazi ya maelezo inaanza pale faili la mwisho linapotoka. Lile ambalo edita amesharenda na hataligusa tena, siyo "karibu imeisha". Lipandishe likiwa `Unlisted`, kisha lisikilize kutoka huko huko YouTube, kwa sababu dakika utakazozisoma hapo ndizo mtazamaji atakazozibonyeza. Fungua karatasi yenye safu nne: dakika, swali nililouliza, maneno ya mgeni kamili, mada. Safu ya swali watu wanairuka, na hapo ndipo wanapoumia. Jibu "hapana, sirudii tena" halina maana yoyote bila swali lililotangulia.

Kila nukuu, anza kuisikiliza nusu dakika kabla na uendelee nusu dakika baada. Unatafuta sharti. Wataalamu wanaongea kwa masharti: "kama udongo umepimwa", "kwa msimu ule", "kwa mtu wa ekari moja". Sharti mara nyingi linakaa kwenye sentensi ya nyuma, au mgeni analiongeza baada ya kuvuta pumzi. Lisipoingia kwenye nukuu, nukuu hiyo haifai kuwa kichwa, iwe tamu kiasi gani. Ukiruka maneno katikati, weka nukta tatu. Sentensi mbili kutoka sehemu mbili za mazungumzo usizishone ndani ya alama moja ya nukuu. Na usitegemee manukuu yanayoandikwa na mashine kwa Kiswahili, yanaweza kukosea silabi ya kukanusha, "sikupanda" ikatoka "nikapanda". Yatumie kutafutia mahali tu, kisha sikiliza mwenyewe. Na hata hapo angalia: nukuu iliyowekwa kwenye kionjo inatokea mara mbili, na utafutaji utakupeleka kwanza kwenye kionjo, ambako imekatwa. Dakika ya kuandika ni ile ya ndani ya mazungumzo.

Kile kipindi, kingeandikwa sawasawa, orodha yake ingekuwa hivi:

```
0:00 Kionjo na utangulizi
0:57 Mgeni na shamba lake Njombe
9:47 Kukagua mche wa kubebeshwa kabla ya kulipa
24:20 Maji ya kiangazi kwa miti michanga
43:12 Kwa nini mnunuzi anakataa tunda
1:02:05 Mtaji wa ekari moja
```

Ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, zipangwe kwa kupanda, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Ukikosea moja, YouTube haikupi onyo lolote. Dakika zinabaki linki za bluu na zinabonyezeka, ila mstari wa video haugawanyiki vipande. Ndivyo utakavyojua: peleka kishale juu ya mstari, kama majina ya mada hayatokei, rudi kwenye orodha. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuanza na 0:57 kwa kuwa "kionjo si mada".

Jina la kipande liseme jambo, si "Swali la pili" wala "Mgeni afunguka". Mkulima anayetafuta namna ya kukagua mche anataka kuona neno mche. Na usiweke kipande kila dakika mbili. Weka pale mazungumzo yanapogeuka kweli, kwa saa moja na kitu, vipande sita hadi kumi vinatosha. Nukuu zenyewe mbili tatu zikae juu ya orodha, kila moja na dakika yake, zikiwa kamili. Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata sharti kwa kubana nafasi. Kichwa ndicho kina 100, na kama nukuu pamoja na sharti lake haitoshi humo, kichwa kitaje mada na nukuu ibaki chini.

Jambo jingine ambalo lile darasa halikutaja. Ukishachapisha halafu ukakata kipande kwa kihariri cha ndani ya YouTube Studio, maelezo hayasogei. Ni maandishi tu, hayajui kwamba video imepungua. Linki ambazo watu wameshatumiana pia hazisogei. Anayeshirikisha 43:12 anatuma linki inayoishia `t=2592`, yaani sekunde 2,592 tangu mwanzo. Ukiondoa dakika nzima kabla ya mada hiyo, linki ile inaangukia dakika moja baada ya mada kuanza. Ukilazimika kukata, kaa usikilize upya na uandike orodha nzima tena, pamoja na ile ya komenti uliyoibandika juu. Na toleo la sauti lisilo na kionjo linahitaji orodha yake, usinakili hii.

Kabla ya kutoa `Unlisted`, mtumie mgeni nukuu na majina ya vipande tu, WhatsApp inatosha. Hahariri mahojiano, anakagua jina lake, cheo, tarakimu na kama sharti lake limo. Mzee wangu wa Njombe angenirudishia ile sentensi ndani ya dakika tano.

Karatasi yako ya pembeni usiitupe. Inakwambia mazungumzo yalikuwa na moto wapi, na edita ataipenda akichagua kionjo. Ila mwambie edita kesho kwamba akimaliza hupandishi siku hiyo hiyo. Faili la mwisho likitoka, weka hapa nukuu zako pamoja na maswali uliyouliza, nitakaa nazikagua moja moja.