Usitaje nusu kwa nusu kwenye barua ya kwanza

"Wakuu, nina boti mbili za kupeleka wageni kuangalia pomboo Kizimkazi. Kuna jamaa anatembeza wageni mashamba ya viungo Kizimbani, biashara yake kiasi cha yangu. Nataka kumwandikia barua pepe ya ubia, tugawane faida nusu kwa nusu. Nianzeje, niandike Kiswahili au Kiingereza, na niambatishe mkataba?"

Futa hiyo rasimu leo hii. Hayo maneno "nusu kwa nusu" yalinipotezea msimu mzima wa kaskazi, na wazo langu lilikuwa zuri kama lako.

Mie nipo upande wa huyo jamaa, natembeza wageni kwenye viungo. Nilimwandikia mwenye boti wa Fumba, naye si mkubwa kuliko mie. Mshauri mmoja wa biashara alitupa kwenye semina Mjini mfano wa barua: historia ya kampuni, dira, faida asilimia 50 kwa 50, na rasimu ya makubaliano imeambatishwa. Tulimlipa kwa ushauri ule! Mtu hajawahi kuuza hata kiti kimoja cha boti, anatufundisha kuposa na kuandika talaka siku moja.

Faida ni kinachobaki baada ya gharama, kwa hiyo ukimwambia mtu mgawane faida umemwambia akufungulie daftari lake. Yule wa Fumba boti alikuwa nayo kwa shirika na kaka yake. Wakaanza kuulizana: mashine ikifa, nani anatengeneza? Nahodha ni mtoto wa nyumbani, mshahara wake utahesabiwaje? Na wageni aliokuwa nao kabla yangu, na wao niwale faida yao? Maswali ya haki kabisa, na hakuna hata moja linalojibika kwa barua pepe. Akaniandikia "nitazungumza na wenzangu". Familia ikapanga kikao, kikao kikaahirishwa, masika yakaingia na wageni wakapungua. Msimu uliofuata nikasikia ameshapatana na mtembezaji mwengine, kwa maneno tu, wakiwa wamesimama ufukweni.

Tena kugawana faida ni moja ya dalili ambazo ubia hutambulika kwazo, na katika ubia wa kawaida deni la mwenzio linaweza kukufikia wewe. Hilo unamtupia mtu kwenye salamu ya kwanza?

Barua ya kwanza iombe jambo moja tu, ambalo mwenzio anaweza kulikubali peke yake bila kuuliza mtu, na likiharibika hasara yake iishe siku ile ile.

Kwako jambo hilo ni viti vitupu. Boti ya watu 8 ikitoka na wageni 5, mafuta na nahodha ni karibu sawa na ikijaa. Tuseme unatoza dola 30 kwa kichwa na unamwachia yeye 5. Akijaza viti 3, yeye anapata 15 na wewe 75 ambazo zingebaki ufukweni. Hakuna anayehitaji kujua gharama za mwenzake, maana vichwa mnavihesabu wote wawili kwa macho. Ila abiria wasizidi idadi ya makoti ya kuokolea maisha uliyonayo.

Mimi ningeandika hivi:

"Kichwa: Viti 3 vya pomboo, Jumamosi asubuhi

Assalaam alaykum kaka. Mimi ni fulani, nina boti mbili Kizimkazi. Wageni wako wanaolala Mjini wengi huuliza pomboo, na wangu huuliza viungo. Jumamosi hii boti yangu inatoka saa 12 na nusu asubuhi na ina viti 3 vitupu. Ukiwa na wageni, walete. Bei ni dola 30, wewe unakata 5 kwa kila mmoja papo hapo. Saa 6 mchana watakuwa wameshatoka kwangu, wanaweza kuja shambani kwako jioni. Bahari ikichafuka nitakuarifu Ijumaa kabla ya saa 2 usiku, na hakuna atakayedaiwa. Nijibu kufikia Alhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa asubuhi nanunua mafuta."

Basi. Hakuna kiambatisho, na hiyo Alhamisi ina sababu ya kweli, si kumbana mtu.

Akijibu "ndiyo" au "Jumamosi siwezi, ijayo je?", umempata. Akijibu "wazo zuri, tutalifanyia kazi", ujue ulichoomba bado ni kikubwa kwake, usimkumbushe, kipunguze. Mwombe akutumie mgeni mmoja tu, au wewe umpelekee wako kwanza umlipe bei yake kamili.

Habari za asilimia zizungumzeni baada ya wageni kupita huku na huku kwa muda, mkiwa na karatasi ya majina na tarehe mbele yenu.